Dole gumba na asilimia tatu

*"Mimi ni afisa mikopo wa benki moja hapa Mwanza, huu ni mwaka wangu wa pili. Wateja wangu wengi ni akina mama wa dagaa wa Igombe, Kayenze na Mwaloni Kirumba. Mkataba wetu ni kurasa tisa za Kiingereza. Ninawaambia kwa mdomo kwamba riba ni asilimia 3 kwa mwezi na rejesho ni kiasi fulani, kisha wanasaini. Wasiojua kusoma wanatia dole gumba. Mwezi uliopita nilimtopapu mama mmoja wa Igombe, mjane, kwa dhamana ya nyumba aliyoiacha mumewe. Juzi akaniuliza, 'Mwanangu, mbona nalipa na deni haliishi?' Sikuwa na jibu. Bosi anasema wamekubali wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Na lengo langu la mwezi bado halijafika. Nimekosea wapi, na nifanye nini?"*

Mdogo wangu, nimekaa kwenye kiti hicho miaka minane kabla ya kuanza kufundisha maafisa mikopo, na swali kama la huyo mama niliulizwa mimi pia. Nilimjibu, "Vumilia, mama, utamaliza." Sikumwambia uongo kwa makusudi. Sikuwa nimewahi kukaa na kalamu nikahesabu mkopo niliokuwa nauuza. Kwa hiyo kabla ya sheria na kabla ya bosi wako, tukae na kalamu.

Chukua mkopo wa mfano: shilingi milioni 3, miezi 12, asilimia 3 kwa mwezi, riba ya flati kama inavyouzwa sehemu nyingi. Asilimia 3 ya milioni 3 ni 90,000. Kwa miezi 12 riba ni 1,080,000. Jumla anarudisha 4,080,000, yaani 340,000 kila mwezi. Hadi hapa kila kitu kinaonekana sawa, na ndivyo ulivyomweleza mteja.

Sasa tazama mwezi wa mwisho. Katika kila rejesho, 250,000 ni mtaji unaorudi benki na 90,000 ni riba. Kufika mwezi wa 12, mama amebakiwa na 250,000 tu ya benki mkononi mwake. Lakini mwezi huo bado analipa riba ya 90,000, ile ile aliyolipa mwezi wa kwanza alipokuwa na milioni 3 nzima. Hapo ndipo mkopo unapokuwa ghali, ingawa neno "asilimia tatu" halijabadilika hata kidogo. Riba ya flati inahesabiwa kama vile mteja hajawahi kurudisha hata senti moja.

Riba hiyo hiyo ya asilimia 3 ingehesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 301,000 na riba ya mwaka mzima ingekuwa karibu 617,000. Mama wa flati analipa zaidi ya hapo kwa shilingi 463,000 hivi. Wote wawili wameambiwa "asilimia tatu kwa mwezi", na wote wawili wameambiwa neno lililoandikwa kwenye mkataba.

Bado hatujagusa makato. Tuseme kuna ada ya mkopo asilimia 3, ambayo ni 90,000, na bima asilimia 1, ambayo ni 30,000. Hapo anaondoka dirishani na 2,880,000, si milioni 3. Kama kuna na akiba ya dhamana ya asilimia 10 inayozuiliwa mpaka amalize, anaondoka na 2,580,000, huku akilipia riba hata hiyo 300,000 iliyobaki kwenu. Usiniamini mimi. Fungua Excel kwenye kompyuta yako ya kazini uandike mstari mmoja mmoja:

```
=RATE(12,-340000,3000000)
=RATE(12,-340000,2880000)
=RATE(12,-340000,2580000,300000)
```

Wa kwanza ni flati peke yake, wa pili unaingiza ada na bima, wa tatu unaongeza akiba iliyozuiliwa ambayo atarudishiwa mwishoni. Utapata karibu asilimia 5.1, kisha 5.8, kisha 6.9 kwa mwezi, kwa pesa ambayo mama anayo kweli mkononi. Weka fomati ya seli iwe na desimali moja, la sivyo Excel itakukatia namba. Halafu rudia kwa makato halisi ya benki yako, kwa sababu mimi nimetumia ya mfano.

Ukimaliza hapo, twende kwenye topapu, yaani kumpa mteja mkopo mpya kabla hajamaliza wa zamani, maana jibu la swali la mama wa Igombe naamini liko huko.

Mama wa mfano wetu amelipa miezi sita bila kukosa. Amekwisha kutoa 2,040,000 na amebakiza 2,040,000. Ndani ya hiyo iliyobaki, mtaji ni 1,500,000. Ile 540,000 nyingine ni riba ya miezi sita ambayo haijafika. Unamwita, unamwambia ana historia nzuri, anastahili milioni 4. Anafurahi. Mfumo unakata deni la zamani lote, 2,040,000, pamoja na riba ya miezi ambayo hatautumia tena mkopo ule. Unakata ada asilimia 3 ya milioni 4, yaani 120,000, na bima 40,000. Mkononi anapata 1,800,000. Akiba ya dhamana nimeiacha nje ili tusizidishe namba, nayo ingepunguza zaidi.

Jana yake alikuwa anadaiwa 2,040,000. Leo anadaiwa 5,440,000, yaani milioni 4 na riba yake ya 1,440,000. Deni limepanda kwa 3,400,000, naye amepokea 1,800,000. Rejesho limetoka 340,000 hadi zaidi ya 453,000. Ile 540,000 ya riba ya zamani sasa imegeuka mtaji, nayo inatozwa riba upya kwa mwaka mzima, karibu 194,000. Ada pia ametozwa kwa 2,040,000 ambayo hakuigusa, kwa sababu ilitoka kitabu kimoja cha benki ikaingia kingine. Na kwenye taarifa yako ya mwezi umeandikiwa kwamba umekopesha milioni 4.

Kama uliwahi kumtopapu mara mbili au tatu kabla hajamaliza, sasa unaelewa kwa nini deni lake haliishi. Kila mara alipofika katikati, mlimrudisha mwanzo na mzigo mkubwa zaidi.

Katika mkataba wa benki yako tafuta kipengele cha kulipa kabla ya muda. Kinaweza kusema riba ya miezi iliyobaki inasamehewa, yote au sehemu, mteja anapofunga mkopo mapema. Kama kinasema hivyo na mfumo umekata riba yote, umepata kosa la kiutendaji ambalo benki yenyewe inapaswa kulirekebisha, na unaweza kulipeleka kwa mkuu wa tawi kesho asubuhi. Kama kinasema riba yote inalipwa hata ukifunga mapema, basi topapu ni bidhaa ghali kwa makusudi, na ni lazima mteja aambiwe hivyo kabla ya kukubali.

Sasa hilo neno la bosi wako, "wamekubali wenyewe". Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 13, inasema watu wamekubaliana pale wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Jiulize mama wa mfano wetu alikubali nini alipotia dole. Alikubali apewe milioni 4. Alijua rejesho. Je, alijua kwamba anaondoka na 1,800,000? Kwamba riba ya zamani imeingizwa ndani? Kwamba nyumba inaweza kuuzwa? Kama alichoelewa na kilichoandikwa ni vitu viwili, dole gumba ni wino tu juu ya karatasi. Na kama aliambiwa jambo lisilo kweli kuhusu mkopo, hata kama msemaji aliamini ni kweli, vifungu vya 18 na 19 vinampa nafasi ya kwenda kuomba mkataba huo utenguliwe.

Juu ya hayo kuna Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mlaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Zinaitaka benki imweleze mteja masharti na gharama zote kwa uwazi kabla hajasaini, na imtendee kwa haki. Kumtajia asilimia na rejesho, kisha kumwelekeza pa kubonyeza dole kwenye kurasa tisa asizozisoma kwa lugha asiyoijua, hakutoshi.

Nisikupeleke upande wa pili kupita kiasi. Mahakama haipendi kumtoa mtu kwenye mkataba aliousaini, na hata mkataba ukitenguliwa mama hatabaki na pesa ya benki bure. Alichopokea atakirudisha. Kinachoweza kubishaniwa ni gharama zilizozidi na dhamana. Kwa hiyo usimwahidi kwamba deni litafutwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakopeshaji wengi wa mjini hawalifikirii, na kwa wateja wako ndilo linaloamua. Wewe unajua dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi inapong'aa mitumbwi inakaa ufukweni kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Pesa ya mama wa Igombe inakuja na giza na kupungua na mwanga. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, nao miezi 12 yake inapungukiwa na mwaka wa kalenda kwa siku kama 11. Rejesho lako liko tarehe 5 ya kila mwezi. Miezi ya mwanzo tarehe 5 inaweza kuangukia baada ya giza, mama ana pesa, analipa vizuri, wewe unamwona mteja bora. Taratibu tarehe ile ile inasogea mpaka inaangukia mwisho wa mbalamwezi, akiwa ametoka siku kumi bila mzigo. Hapo anaanza kuchelewa, na faini zinaanza. Mvua nazo zikikuta dagaa kwenye kichanja, gunia la chakula cha watu linageuka la chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Huyo mama hajawa mkaidi wala mvivu. Ratiba ndiyo haikumjua. Muulize mteja siku zake za mzigo, uombe ratiba inayofuata giza au rejesho dogo la kila wiki mbili, hata kama ni lazima uandike barua ya maelezo kwenda kwa mkuu wako.

Namna ya kumweleza asiyesoma ni kazi ya dakika ishirini, na inafanyika hivi. Keti naye nje ya foleni, siku moja kabla ya kusaini ikiwezekana, akiwa na mtu anayemchagua yeye mwenyewe: mtoto anayesoma, jirani, katibu wa kikundi. Asiwe afisa mwenzako, wala mwenzake kwenye kikundi anayesubiri mkopo wake upite. Kama Kisukuma au Kikerewe ndicho anachokisikia vizuri, mtafute anayekijua. Chukua maharage. Kila harage ni shilingi 100,000. Mhesabie mkopo mezani, kisha toa mbele ya macho yake yanayobaki benki: deni la zamani, ada, bima, akiba. Yanayobaki ndiyo anayoondoka nayo. Pembeni panga rundo la pili, yote atakayorudisha mpaka mwisho. Mwache ayatazame marundo mawili bila wewe kusema chochote. Katika topapu ya mfano wetu, upande mmoja kuna maharage 18 na upande wa pili kuna 54 na kipande. Mwambie ukweli wake kwamba 20 na kipande kati ya hayo 54 alikuwa anadaiwa tayari. Hata hivyo ataona.

Kisha usimuulize, "Umeelewa, mama?" Kila mtu hujibu ndiyo mbele ya mtu wa benki. Mwombe akueleze yeye: "Mama, ukifika nyumbani dada yako akikuuliza, utamwambia unapata ngapi, unarudisha ngapi, na usipolipa miezi mitatu kinatokea nini?" Akikosea mahali, rudi hapo tu. Swali la nyumba usiliruke kwa aibu, na neno "kuuzwa" ulitamke kama lilivyo. Mwisho, yule aliyemleta arekodi maelezo yako kwa simu yake. Afisa anayekataa kurekodiwa akieleza bidhaa yake mwenyewe ajiulize kwa nini.

Utaniambia wengine wataondoka. Wataondoka, ndiyo. Nilipoanza kuhesabu maharage, nilipoteza topapu nyingi miezi ya mwanzo na bonasi yangu ilishuka, na sitakudanganya kwamba ilirudi yote. Ila wengi hawakuondoka kabisa. Walisubiri wamalize mkopo wa zamani, wakakopa upya kiasi kidogo, na mikopo yangu chechefu ikapungua. Kama benki yako inapima pia ubora wa mikopo na si ukubwa tu, hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea bosi, kwa maandishi, na mfano wa hesabu mmoja bila jina la mteja.

Bosi akikataa, nenda kwa kitengo cha uzingatiaji wa sheria au ukaguzi wa ndani, pia kwa maandishi. Usichukue mafaili ya wateja kuyapeleka nje, na usiyapige picha kwenye simu yako. Siri ya mteja inalindwa na sheria, na kosa hilo litakuondoa kazini huku benki ikiwa na haki. Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini kabla ya kuitegemea kaa kwanza na wakili, ana kwa ana, ukiwa na barua ulizoandika.

Sasa mama mwenyewe. Umesema nyumba aliiacha mumewe. Je, mirathi ilifunguliwa, na ni nani aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi? Mjane kukaa ndani ya nyumba ya marehemu hakumpi peke yake mamlaka ya kuiweka rehani, kwa sababu watoto na warithi wengine wana haki ndani yake. Kama hakuna barua ya usimamizi kwenye faili, dhamana hiyo ina ufa, na benki inapaswa kujua mapema kuliko siku dalali anapofika na warithi wakakimbilia mahakamani. Hili ukiliandika, hata bosi asiyejali mama atalisoma.

Wiki hii nenda Igombe. Usiende na fomu. Mpe ratiba yake ya marejesho iliyochapwa, na umweleze mbele ya mtu wake umekata nini na kwa nini. Mwambie ulipaswa kumweleza kabla, na umwombe radhi. Mwambie asikubali topapu nyingine, yako au ya mwingine, na hasa asikimbilie kausha damu kulipa rejesho la benki. Kama biashara haibebi rejesho jipya, aombe kupangiwa upya muda wa kulipa kabla hajachelewa, kwa sababu akiomba akiwa hana faini anasikilizwa zaidi. Mwelekeze njia ya malalamiko: kwanza benki yenyewe, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa na nakala abaki nayo. Asiporidhika na jibu, aende Benki Kuu, ambayo ina utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya wateja wa benki na ina tawi hapa Mwanza. Kwa kuwa hawezi kuandika, msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kumwandikia na kumsomea, na huduma hiyo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ni ya bure.

Ikiwa amekwisha kupokea notisi ya kuuzwa nyumba, usisubiri hatua hizo zote. Apelekwe kwa wakili siku hiyo hiyo, akiwa na notisi, mkataba, ratiba, risiti zote alizonazo hata zilizofifia, na cheti cha kifo cha mumewe.